Kiwango cha ujazo wa vyumba

Kiwango cha ujazo wa vyumba ni kipimo kinachoonyesha ni sehemu gani ya vyumba vya nyumba ya wageni, loji au hoteli ilipata wageni katika kipindi fulani. Huandikwa kwa asilimia. Kipimo hicho hutumika pia kwa kumbi, ambapo huhesabiwa siku zilizokodiwa au viti vilivyokaliwa. Umuhimu wake unatokana na tabia moja ya biashara hii: chumba hakiwekwi ghalani. Mfanyabiashara wa mawese ambaye hakuuza dumu lake leo anaweza kuliuza kesho, lakini usiku wa chumba ukipita bila mgeni umepita, na kesho mwenye gesti atakuwa na vyumba vile vile kumi na viwili, si kumi na vitatu.

Makala hii inaeleza zaidi gesti ndogo ya barabarani, kwa kutumia mfano wa Kidahwe katika mkoa wa Kigoma, Tanzania, kwa sababu hapo ndipo hesabu hii hukosewa mara nyingi kuliko kwenye hoteli kubwa zenye mhasibu.

## Namna ya kukokotoa

Chumba kimoja kwa usiku mmoja huitwa chumba-usiku. Gesti yenye vyumba 12 ina vyumba-usiku 360 katika mwezi wa siku 30. Kiwango cha ujazo hupatikana hivi:

```
kiwango cha ujazo = (vyumba-usiku vilivyopangishwa ÷ vyumba-usiku vilivyopo) × 100
```

Hesabu ni nyepesi. Ugumu upo katika kuamua nini kiingie juu na nini kiingie chini. Chumba ambacho kitasa chake kimeharibika tangu mwezi jana, je, kipo au hakipo? Wenye gesti wengi hukiondoa, na asilimia yao hupanda bila hata mgeni mmoja kuongezeka. Utaratibu ulio salama ni kukiacha kwenye hesabu, kwa kuwa kitasa kibovu nacho ni sababu ya chumba kukaa bure, na hesabu inayokificha haitamkumbusha mwenye mali kumwita fundi. Chumba kinachoondolewa kwa haki ni kile kilichobadilishwa matumizi moja kwa moja, kama vile kuwa stoo au chumba cha kulala mlinzi.

Upande wa juu una tatizo lake. Baadhi ya gesti hupangisha chumba kwa saa chache mchana, jambo linaloitwa mitaani shoti taimu, kisha hukipangisha tena usiku. Kila upangishaji ukihesabiwa, gesti inaweza kuonyesha ujazo wa asilimia 110, kitu kisichowezekana. Mapato ya mchana yaandikwe kwenye safu yake, na kiwango cha ujazo kihesabu usiku peke yake.

Zipo pia takwimu zinazohesabu vitanda badala ya vyumba. Shirika la Taifa la Takwimu la Kenya, kwa mfano, hutoa kila mwaka idadi ya vitanda vilivyolaliwa ikilinganishwa na vilivyopo katika hoteli za nchi hiyo. Kwa hoteli za watalii, ambazo hutoza kwa kichwa, njia hiyo inafaa. Gesti nyingi za Tanzania hutoza kwa chumba, awe amelala mmoja au wawili, hivyo kuhesabu vitanda kungeonyesha upungufu ambao haupo kwenye droo ya pesa.

## Mahali na sababu za vyumba kujaa

Kidahwe ni kata iliyoko takriban kilomita 30 kutoka mji wa Kigoma, kwenye njia panda. Barabara kutoka Kigoma hugawanyika hapo: moja inakwenda Kasulu na kuendelea Kibondo hadi Nyakanazi, nyingine inakwenda Uvinza na kuelekea Tabora. Mahali pa namna hiyo hujaa kwa sababu tofauti na zile zinazojaza vyumba ufukweni.

Kule Kibirizi, kwenye mwalo wa dagaa ulio kaskazini mwa bandari ya Kigoma, wageni huenda na mwezi wa angani. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali mwanga wa taa hauwavuti samaki, wavuvi hupumzika, na wachuuzi waliokuja kununua hurudi makwao. Mwenye vyumba huko anaweza kutabiri usiku wake mtupu kwa kutazama juu tu. Mwaka 2024 hali ilizidi hapo, kwa kuwa uvuvi katika ziwa ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane.

Mjini Kigoma, karibu na stesheni, vyumba vimefuata treni tangu reli ya kati ilipofika mwaka 1914. Meli ya MV Liemba, katika miaka ilipokuwa ikisafiri kwenda Mpulungu nchini Zambia, nayo ilikuwa na siku zake za kuondoka, na abiria waliotoka mbali walilazimika kuwahi na kulala.

Kidahwe hufuata barabara. Wageni wake ni madereva wa malori na matingo wao, wachuuzi wa dagaa, mawese na mihogo, watumishi wa umma walio safarini, na mafundi wa miradi. Miradi ndiyo inayopotosha macho kuliko kitu kingine. Ujenzi wa barabara au wa kituo cha kupozea umeme huleta watu wanaopanga vyumba vitano kwa miezi minane mfululizo, na mwenye gesti akiona ujazo wa asilimia 90 hukopa na kuongeza vyumba. Mradi ukiisha watu hao huondoka siku moja. Lami nayo, ikishakamilika, hupunguza haja ya kulala njiani, kwani gari lililokuwa likiingiliwa na usiku sasa linafika liendako jua lingali juu. Mwaka 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipovuka kupitia Kagunga na kupelekwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, njia hii hii ya Kidahwe ilitumika. Wafanyakazi wa misaada wanaokuja wakati wa dharura ni wageni wa aina hiyo pia: huja wengi kwa pamoja na huondoka fedha za shughuli yao zinapokwisha.

Kwa sababu hiyo ujazo wa miaka ya mradi na ule wa miaka ya kawaida usichanganywe katika wastani mmoja.

## Mfano wa mwezi mmoja

Gesti ifuatayo ni ya kubuni, na bei zake zimechaguliwa ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Ina vyumba 12 kando ya njia panda. Vyumba 8 ni vya kawaida, choo na bafu vikiwa uani, kwa shilingi 10,000. Vyumba 4 vina choo na bafu ndani, kwa shilingi 20,000.

Katika mwezi wa siku 30 kitabu cha wageni kinaonyesha kuwa vyumba vya kawaida vilipangishwa mara 150 kati ya 240, na vyumba vyenye choo ndani mara 48 kati ya 120. Jumla ni 198 kati ya 360, yaani ujazo wa asilimia 55. Mapato ni shilingi 1,500,000 kutoka vyumba vya kawaida na 960,000 kutoka vile vingine, jumla 2,460,000.

Kama vyumba vyote vingejaa kila usiku, mapato yangekuwa 4,800,000. Tofauti ni 2,340,000, na watu wengi husimama hapo na kusema kwamba hiyo ndiyo hasara ya vyumba vitupu. Sivyo, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba mgeni naye anagharimu. Shuka zitafuliwa, kipande cha sabuni kitatolewa, maji na umeme vitatumika, na halmashauri itadai ushuru wa nyumba za kulala wageni kwa kila aliyelala. Ichukuliwe kwamba gharama hizo ni shilingi 2,000 kwa chumba cha kawaida na 3,500 kwa chumba chenye choo ndani. Kinachobaki mfukoni kwa kila chumba kilicholaliwa, ambacho hapa kitaitwa salio, ni 8,000 na 16,500. Vyumba vya kawaida vilikaa bure mara 90 na vile vingine mara 72. Kilichokosekana basi ni 720,000 jumlisha 1,188,000, yaani 1,908,000.

Tazama pia mgawanyo wake. Vyumba vyenye choo ndani ni theluthi moja tu ya vyumba vyote, lakini vimebeba zaidi ya nusu ya upotevu. Asilimia 55 ya jumla ilikuwa imelificha jambo hilo. Ukweli ni kwamba vyumba vya kawaida vilijaa kwa asilimia 62.5 na vile vya bei kubwa kwa asilimia 40. Ndiyo maana ujazo huhesabiwa kwa kila aina ya chumba kabla ya kujumlishwa.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi: si kila chumba kitupu kingeweza kupata mgeni. Ikiwa usiku ule njia panda yote ilikuwa na wasafiri sita, hakuna bei wala bango ambalo lingejaza vyumba 12. Shilingi 1,908,000 ni ukomo wa juu. Hasara ambayo mwenye gesti anaweza kufanya lolote juu yake iko chini ya hapo, na ili kuijua lazima kitabu kisomwe usiku kwa usiku.

Kitabu hicho kikisomwa hivyo, kinaonyesha mambo matatu. Katika usiku 6 wa kuamkia gulio, vyumba vyote 12 vilijaa. Katika usiku 16 wa kawaida vilijaa vyumba 6 kwa wastani, jumla 96. Usiku 8 uliobaki, ambao uliangukia mbalamwezi wakati wachuuzi wa dagaa wamepungua barabarani, ulipata vyumba 30 tu kwa jumla, pungufu ya vinne kwa usiku.

Usiku ule wa gulio ndio wenye siri. Mhudumu anakumbuka kwamba kila mara aliwarudisha watu wanne hivi waliokuja baada ya saa tatu. Hao ni watu 24 kwa mwezi, na wakichukuliwa kuwa wa vyumba vya kawaida ni shilingi 192,000 zilizogeuka mlangoni. Pesa hizi hazimo kwenye hesabu ya vyumba vitupu, kwa sababu vyumba havikuwa vitupu, na hazimo kwenye kitabu, kwa sababu aliyekosa chumba haandikwi popote. Kitabu cha wageni cha gesti za Tanzania huuliza jina, kabila, mgeni anakotoka na anakokwenda. Hakina safu ya waliorudishwa. Daftari dogo la mistari miwili kwa usiku, la waliokosa nafasi na waliouliza bei wakaondoka, linafaa kuliko mashine yoyote. Mstari wa kwanza unaonyesha kama kuna haja ya vyumba zaidi. Wa pili unaonyesha kama bei ni kubwa.

## Kupunguza bei

Baada ya kuona asilimia 40, mwenye gesti hufikiria kushusha bei ya vyumba vyenye choo ndani kutoka 20,000 hadi 15,000, isipokuwa usiku wa gulio, ambao hauhitaji msaada. Katika usiku 6 wa gulio vyumba hivyo vilipangishwa mara 24. Zilizobaki ni mara 24 kwa usiku 24, yaani kimoja tu kati ya vinne.

Kwa bei mpya salio linakuwa 11,500 badala ya 16,500. Wale wageni 24 ambao wangelipa 20,000 sasa wanalipa 15,000, kwa hiyo mwezi unaanza na pengo la shilingi 120,000. Ili kuliziba wanahitajika wageni wapya 11, kwa 11,500 kila mmoja. Hilo si gumu.

Lakini mgeni mpya ni yupi? Kama ni dereva aliyekuwa akilala kwenye gari lake au aliyekuwa akiendelea hadi Kigoma, basi 11,500 zote ni nyongeza. Kama ni yule yule aliyekuwa akilala chumba cha kawaida ndani ya gesti hiyo, na sasa amevutiwa na choo cha ndani kwa nyongeza ya 5,000, basi gesti imepoteza salio la 8,000 na kupata la 11,500. Nyongeza ni 3,500 tu, na wahamaji wa namna hiyo wanahitajika 35 kuziba pengo lile lile. Kwa hiyo mwezi mmoja wa majaribio usipimwe kwa ujazo wa vyumba vyenye choo ndani peke yake, maana huo utapanda kwa hali yoyote. Ujazo wa vyumba vya kawaida utazamwe pia. Ukishuka kwa kadiri ile ile, wateja wamehama chumba tu.

Kwa kulinganisha miezi hutumika kipimo kingine, mapato kwa kila chumba kilichopo: mapato yote yagawanywe kwa vyumba-usiku vyote, vikiwemo vitupu. Katika mfano huu ni 2,460,000 kwa 360, yaani takriban shilingi 6,833. Bei ikishushwa, ujazo ukapanda na kipimo hiki kikashuka, punguzo limekula mapato.

## Ujazo wa kurudisha gharama

Gesti ina gharama zisizojali kama kuna mgeni: mshahara wa wahudumu na mlinzi, leseni, kodi ya jengo au marejesho ya mkopo, taa za nje. Ikiwa ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi, zinalipwa na salio la vyumba vilivyolaliwa. Salio la mwezi wa mfano ni 1,200,000 kutoka vyumba vya kawaida na 792,000 kutoka vingine, jumla 1,992,000. Likigawanywa kwa vyumba-usiku 198 ni karibu 10,060 kwa kila kimoja. Ili kufikisha 1,200,000 vinahitajika vyumba-usiku 120, yaani vyumba vinne kila usiku, au ujazo wa asilimia 33 hivi, mradi mchanganyiko wa vyumba ubaki ule ule.

Kwa kipimo hicho, usiku wa mbalamwezi, wenye vyumba pungufu ya vinne, haujilipi. Haina maana kwamba gesti ifungwe usiku huo, kwani mshahara na mkopo vitalipwa hata ikifungwa, na kila mgeni anayeingia bado anaacha salio. Maana yake ni kwamba matengenezo, kama kupaka rangi na kubadilisha kitasa, yafanywe wakati huo.

## Vyumba vitupu kwenye kitabu tu

Upotevu mwingine hautokani na kukosa wageni bali na mgeni kutoandikwa: mhudumu anapokea pesa, anatoa ufunguo, na kitabu kinaonyesha chumba kilikuwa wazi. Ujazo unaotokana na kitabu pekee hauwezi kugundua hilo, hivyo hulinganishwa na vitu vingine vinavyoacha alama.

Alama nzuri ni shuka. Kila anayeingia hutandikiwa jozi safi, kwa hiyo idadi ya jozi zilizofuliwa ilingane na idadi ya walioingia. Wasihesabiwe vyumba-usiku: mgeni wa siku tatu ni vyumba-usiku vitatu lakini huenda ni jozi moja tu ya shuka. Gesti ya mfano ikiwa na vyumba-usiku 198 na walioingia 160, jozi 165 ni jambo la kawaida, kwa kuwa shuka huchafuka kwa sababu nyingine pia. Jozi 200 zinahitaji maelezo, na hapo upangishaji wa mchana usioandikwa huwa wa kwanza kuulizwa. Vipande vya sabuni hutumika vivyo hivyo. Uniti za LUKU ni ushahidi dhaifu zaidi, maana feni na pasi ya mgeni mmoja hutumia kuliko taa za wageni watano.

## Kumbi

Kwenye ukumbi jambo la kwanza ni kujua nani anabeba viti vitupu. Ukumbi wa harusi wa viti 300 hukodiwa mzima. Wakija watu 120, viti 180 vitupu ni masikitiko ya kamati ya harusi, si ya mwenye ukumbi, ambaye pesa yake ni ile ile. Yeye huhesabu siku. Siku zenye thamani ni chache, hasa Jumamosi, na hupungua zaidi katika mwezi wa Ramadhani na wakati wa Kwaresima, ambapo harusi huwa adimu. Kwa hiyo ujazo wa Jumamosi uhesabiwe peke yake. Jumamosi iliyowekewa ahadi bila malipo ya awali na kisha kuahirishwa wiki ya mwisho ni sawa na chumba kilichotunziwa mgeni asiyekuja: kimekataliwa kwa wengine na hakikulipwa na mtu.

Ukumbi wenye kiingilio, kama wa kuonyesha mpira au muziki, ni kinyume chake. Hapo kila kiti kitupu ni cha mwenye shughuli, na kwa kuwa mtazamaji mmoja zaidi haongezi gharama yoyote, karibu bei nzima ya tiketi ni salio. Ndiyo sababu wenye kumbi hizo huweza kushusha kiingilio mchezo ukiwa umefika mapumziko, jambo ambalo mwenye gesti akilifanya kila siku saa nne usiku atawafundisha madereva kusubiri nje hadi saa nne.